Kliniki ndogo na nakala zake: hifadhidata ichukuliwe nzima kila usiku

Kliniki ya mtaani hapa Dar es Salaam, yenye kompyuta ya mapokezi, ya daktari, ya maabara na moja nyingine inayotunza hifadhidata, kwa maoni yangu haina sababu ya kulinda kumbukumbu za wagonjwa kwa nakala za nyongeza. Hifadhidata ichukuliwe nakala kamili kila usiku. Nakala za nyongeza ziachiwe picha za eksirei na karatasi zilizoskaniwa, na imeji ya diski ipigwe mara chache tu, kwa ajili ya kuokoa mashine. Mara nyingi ninapoitwa kutazama kompyuta za kliniki hukuta mpango umekaa kinyume: hifadhidata imewekwa kwenye mnyororo wa nyongeza, picha hazina nakala yoyote, na imeji moja iliyopigwa siku kompyuta iliponunuliwa inahesabiwa kuwa ndiyo ulinzi wa kliniki nzima.

Nakala kamili hubeba kila kitu kila inapochukuliwa. Nakala ya nyongeza hubeba yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia, kwa hiyo ili kurejesha hali ya jana unahitaji nakala kamili ya mwanzo pamoja na kila nyongeza iliyofuata, bila kukosa hata moja. Imeji ya diski huchukua diski yote kama ilivyo: Windows, programu, mipangilio ya printa na ya mtandao, na data iliyokuwamo saa ile.

Nyongeza zilibuniwa kwa sababu data ikiwa kubwa, kuinakili yote kila usiku hula muda na nafasi. Basi tuanze kwa kuuliza hifadhidata ya kliniki ndogo ina ukubwa gani. Chukua kliniki inayoona wagonjwa 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka hayo ni mahudhurio 18,720. Tukikadiria kwamba kila hudhurio, pamoja na vipimo, dawa na malipo yake, linachukua KB 10, mwaka mzima haufiki MB 190, na miaka mitano haifiki GB 1. Maandishi ya namna hiyo yakibanwa kwa programu kama 7-Zip hupungua sana, mara nyingi hadi moja ya tano au chini ya hapo. Nakala kamili za siku 30 zinatosha kwenye flashi ya kawaida ya Kariakoo, na kuchukua moja humalizika kabla mlinzi hajamaliza kufunga milango. Tatizo ambalo nyongeza zilikuja kulitatua, kliniki hii hainalo.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawaligundui. Programu nyingi za kawaida za kuhifadhi hupima mabadiliko kwa faili, na hifadhidata haikai kama maelfu ya mafaili madogo. Katika programu za hifadhidata za MySQL na MariaDB, kila jedwali kwa kawaida ni faili moja la .ibd, na jedwali la mahudhurio huguswa kila siku. Likiguswa hata kwa mstari mmoja, programu hulihesabu faili zima kuwa limebadilika na kulinakili lote. Unaamini kwamba unachukua nyongeza, kumbe unachukua karibu nakala kamili kila usiku, tena umebaki na udhaifu wote wa mnyororo. Zaidi ya hayo, mafaili hayo yakinakiliwa wakati seva ya hifadhidata inafanya kazi, moja huchukuliwa saa mbili na dakika moja, jingine saa mbili na dakika nne, na yakirejeshwa hayakubaliani. Njia sahihi ni kuiagiza hifadhidata yenyewe itoe maandishi yake:

```
mysqldump --single-transaction --routines -u nakala -p --result-file=D:\Nakala\kliniki.sql kliniki
```

Neno `--single-transaction` ndilo linalofanya nakala ionyeshe hali ya wakati mmoja hata kama mtu wa mapokezi bado anaandika, ilimradi majedwali ni ya aina ya InnoDB. Agizo likifika mwisho salama, mstari wa mwisho wa faili huanza na `-- Dump completed`. Faili lisilo na mstari huo lilikatika njiani, na halifai kuhesabiwa kuwa nakala. Alama ya pili ni ukubwa: faili la leo linapaswa kuwa sawa na la jana au kulizidi kidogo. Likipungua ghafla, tafuta sababu kabla hujafuta nakala yoyote ya zamani.

Udhaifu wa mnyororo niliuona kwa karibu katika kliniki moja ya Tabata, baada ya diski ya kompyuta yao kuu kufa. Walikuwa na nakala kamili ya mwanzo wa Januari na nyongeza ya kila usiku tangu hapo, na kwenye skrini ya programu ya kuhifadhi kila usiku ulikuwa na alama ya kijani. Urejeshaji ulikwama katikati ya Februari. Usiku mmoja umeme ulikatika wakati programu inaandika kwenye diski ya nje, na faili la usiku ule likabaki nusu. Nyongeza za usiku zilizofuata zilikuwa nzima, lakini hazikuwa na kitu cha kushikilia, kwa sababu kila moja ilijengwa juu ya ile iliyoitangulia. Ile alama ya kijani haikuwa ya uongo: programu ilithibitisha tu kwamba imeandika mabadiliko ya usiku huo, wala haikuwa imewekwa kusoma upya nakala za nyuma. Kumbukumbu za wiki kadhaa zilipatikana kwa kuandikwa upya kutoka kwenye rejista za karatasi na stakabadhi, na majibu ya maabara ambayo hayakuwa yamechapishwa yalipotea. Kama faili lile bovu lingekuwa nakala kamili, kliniki ingepoteza usiku mmoja tu, tena usiku ambao uliofuata ungeufidia.

Kuhusu imeji ya diski, heshima yake naijua, na sipendi inavyotumika. Imeji ya kompyuta yenye GB 180 zilizojaa, ikirejeshwa kutoka diski ya nje kwa mlango wa USB 2.0, ambao kwa kawaida hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, huchukua saa moja na dakika 40. Kwa USB 3.0 na diski ya kuzunguka inayotoa MB 100 kwa sekunde, ni nusu saa. Hiyo ni faida kubwa kweli, kwa sababu anayelazimika kuanza upya atasakinisha Windows, mfumo wa kliniki, printa ya stakabadhi na programu ya mashine ya maabara, na huenda fundi aliyeusakinisha mfumo mwaka wa kwanza hapatikani tena kwa simu. Imeji huokoa kazi hiyo yote. Lakini imeji ya mwezi uliopita hurudisha pia wagonjwa wa mwezi uliopita, kwa hiyo ukishairejesha ni lazima uweke juu yake nakala ya hifadhidata ya jana usiku. Vitu hivi viwili hufanya kazi pamoja, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine.

Tena imeji huipenda mashine iliyotoka. Ukiihamishia kwenye kompyuta ya aina nyingine, Windows inaweza kugoma kuwaka kwa kukosa viendeshi vya kidhibiti cha diski, au kwa sababu ya zamani iliwaka kwa BIOS na mpya inataka UEFI. Na diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, programu kama Clonezilla kwa kawaida hukataa kurejesha, hata kama data yenyewe ingeenea. Kwa sababu hizo ningeipiga imeji kila baada ya badiliko kubwa la mfumo, na kama hakuna badiliko, mara moja kila miezi mitatu. Ipigwe Jumapili, hifadhidata ikiwa imezimwa.

Picha ni habari tofauti. Eksirei moja ya kidijitali ya kifua inaweza kufika MB 12. Kliniki inayopiga 15 kwa siku inaongeza MB 180 kila siku, yaani takriban GB 56 kwa mwaka, na hapo kunakili yote kila usiku kunakuwa mzigo. Kwa bahati nzuri picha ikishapigwa haibadilishwi, kwa hiyo nyongeza yake haihitaji mnyororo: kila faili linasimama peke yake, na likiharibika moja mengine hayadhuriki. Agizo hili hunakili mafaili ambayo bado hayapo kwenye diski ya nje, na halifuti wala haliandiki juu ya yaliyokwishafika:

```
robocopy D:\Picha E:\Picha /E /XC /XN /XO
```

Wapo wanaotumia `/MIR` kwa sababu ni fupi. Sishauri hata kidogo, maana `/MIR` hufuta kwenye nakala kila kilichofutwa kwenye asili, na mtu akifuta folda kwa bahati mbaya mchana, usiku nakala nayo inafuata. Agizo nililoandika lina kasoro yake pia: umeme ukikatika katikati, faili lililobaki nusu litahesabiwa kuwa limefika na litarukwa kesho. Picha zikipangwa kwa folda za tarehe, dawa yake ni rahisi, kwani unafuta folda ya siku hiyo kwenye diski ya nje na kurudia agizo.

Diski za nje ziwe mbili, na zisikae zimechomekwa zote mbili kwa wakati mmoja. Kirusi cha kudai fidia kikiingia hufunga kila diski kinachoifikia, iwe ina nakala kamili, nyongeza au imeji. Diski ya pili itoke nje ya jengo, jambo ambalo mwenye kliniki ya mabondeni, karibu na Mto Msimbazi, halihitaji kuelezwa. Lakini isitoke bila kufungwa kwa nenosiri, kwa BitLocker au kwa faili la 7-Zip la AES-256. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na diski iliyosahaulika kwenye daladala ikiwa wazi ni faili za wagonjwa wote mikononi mwa abiria anayefuata.

Kuhusu muda wa kutunza, ningebaki na nakala kamili za siku 30 na ile ya mwisho wa kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa sababu makosa mengine hugunduliwa kwa kuchelewa. Karani akiunganisha kimakosa faili za wagonjwa wawili wenye jina moja mwezi Machi, kosa hilo linaweza kuonekana Juni mgonjwa mmoja anaporudi, na nakala ya jana itakuwa na kosa lile lile.

Jaribio la mwezi lifanyike kwenye kompyuta isiyo ya kazi, ndani ya dirisha la cmd, baada ya kuunda hifadhidata tupu iitwayo jaribio:

```
mysql -u root -p jaribio < kliniki.sql
```

Kisha muulize mtu wa mapokezi namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotolewa kabla nakala haijachukuliwa, uitafute humo, ufungue na majibu ya maabara ya mgonjwa huyo. Yote yakionekana kama yalivyo kwenye rejista, andika tarehe ya jaribio juu ya diski kwa kalamu ya wino mzito.