Mstari mnyoofu uliotufichia asidi baridi

Nimelifundisha jaribio la thayosalfeti na asidi hapa Nakuru mara nyingi kiasi cha kulifanya nikiwa nimefumba macho. Unapima mililita 50 za sodiamu thayosalfeti, unazipasha moto, unaweka bika juu ya karatasi yenye alama ya X, kisha unamimina mililita 5 za asidi haidrokloriki. Salfa inatanda, maji yanageuka kama ya mchele, na alama ikipotea unasimamisha saa. Wanafunzi huandika halijoto na muda, wanachora 1/t dhidi ya nyuzi za Selsiasi, wanapata mstari uliopinda kwenda juu, na kazi inaishia hapo.

Naona tunawanyima kitu kikubwa. Mstari uliopinda unasema tu kwamba joto huharakisha mmenyuko, jambo ambalo yeyote aliyewahi kupika chai analijua. Haumwambii mwanafunzi ni kwa kiasi gani, wala kwa nini. Jibu la kwa nini liko katika kazi ya Msweden Svante Arrhenius ya mwaka 1889, aliyoijenga juu ya mmenyuko ambao watu wa viwanda vya sukari vya Mumias na Muhoroni wangeutambua: sukari ya miwa ikivunjwavunjwa na asidi.

```
ln k = ln A − Ea/(R·T)
```

Hapo k ni namba ya kasi ya mmenyuko, na Ea ni nishati ya kuamsha mmenyuko, yaani kimo cha kizingiti ambacho chembe zinapaswa kukiruka ndipo zibadilike. A ni namba isiyobadilika ya mmenyuko husika, na R ni namba isiyobadilika ya gesi, 8.314. T lazima iwe katika Kelvini, kwa hiyo unaongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi. Ukichora ln k dhidi ya 1/T unapata mstari ulionyooka unaoteremka kuelekea kulia, na mteremko wake ni −Ea/R. Sisi hatuna k, tuna muda tu, lakini salfa inayoficha alama ni kiasi kile kile kila mara na vipimo havibadiliki, kwa hiyo 1/t inakwenda sambamba na k. Mstari mzima utapanda au kushuka, ila mteremko haubadiliki.

Muhula uliopita kundi moja lilipata sekunde 108 kwenye nyuzi 20, kisha 60, 34 na 20, hadi sekunde 12 kwenye nyuzi 60. Tukachukua ncha mbili. Logi asilia, yaani ln, ya 1/108 ni −4.68, ya 1/12 ni −2.48, tofauti 2.20. Kwa upande wa 1/T tofauti ni 0.00041. Gawanya, zidisha kwa 8.314, unapata kama kilojuli 45 kwa moli. Nukta zote tano zilikaa juu ya rula. Darasa likafurahi, nami nikafurahi.

Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, hizi nyuzi 60 ni za thayosalfeti peke yake ama za vyote viwili?"

Zilikuwa za thayosalfeti peke yake. Asidi ilikuwa mezani, nyuzi 23. Tukarudia, safari hii kipimajoto kikiwa ndani ya bika baada ya kumimina. Nyuzi 60 zilishuka papo hapo hadi 56.5, huku zile 20 zikipanda hadi 20.5. Muda ulikuwa ule ule. Tulipoweka halijoto hizi za kweli, tofauti ya 1/T ilipungua hadi 0.000372, na Ea ikapanda hadi kama kilojuli 49.

Jambo lililonishtua ni kwamba grafu ya kwanza ilikuwa imenyooka vilevile. Asidi ya mezani inapandisha halijoto kidogo mwanzoni na kuishusha zaidi na zaidi kuelekea mwishoni, kwa mpangilio uliopangika kiasi kwamba nukta haziachani na rula. Mteremko tu ndio unaolala. Tulikuwa tumezoea kuamini kwamba nukta zikinyooka basi kipimo ni sahihi, na sivyo. Mwalimu mwenzangu akilifanya jaribio hili Kisumu, asidi yake ikiwa na joto zaidi, atapata namba tofauti kidogo kwa mmenyuko ule ule, na wote wawili tutakuwa na mistari mizuri.

Kosa jingine lina sura tofauti. Ukichelewa sekunde moja kusimamisha saa, sekunde 108 hazijali, lakini kwenye sekunde 12 nukta inasogea karibu 0.08 peke yake, na hiyo unaiona. Ndiyo maana napinga kupanda juu ya nyuzi 60, mbali na moshi wa salfa dayoksaidi unaowakohoza watoto hata madirisha yakiwa wazi.

Ningependa karatasi ya maswali iandike "halijoto ya mchanganyiko" kwenye jedwali, na iache safu mbili zaidi, ya 1/T na ya ln(1/t). Kwa sasa wangu huzichora wenyewe kwa penseli, na chupa ya asidi inakaa ndani ya maji yale yale ya moto pamoja na thayosalfeti kwa dakika tano kabla ya kumiminwa.