Jibu lililoandikwa jana kwa mteja wa leo

Chini ya picha za viatu na magauni kwenye kurasa za Instagram za maduka ya Dar es Salaam, mazungumzo hufanana mno. Mteja anaandika "Bei?", duka linajibu "Njoo inboksi kipenzi." Wa pili anauliza "Mpo wapi?", naye anaitwa inboksi. Wa tano ni mwanamume anayemtafutia mkewe zawadi, na yeye pia ni kipenzi. Wote wamejibiwa, na hakuna aliyeambiwa kitu.

Wauzaji wana utetezi wao wa kutumia kiolezo, yaani jibu lililoandikwa mapema kwa wateja wote, na una uzito. Duka dogo la Kariakoo mara nyingi ni mtu mmoja na simu moja. Anamjaribisha kiatu mteja aliyekaa mbele yake huku simu ikilia mfululizo, na maswali ya kwenye simu karibu yote ni yaleyale: bei, saizi, duka lilipo, kutuma mkoani, namna ya kulipa. Kuandika kila jibu upya kunakula muda, lakini kibaya zaidi kunaleta makosa. Saa tano usiku, macho yamechoka, 35,000 inaandikwa 53,000 na mteja anaondoka bila kusema neno.

Mteja naye ana yake. Ukinunua mtandaoni, mara nyingi unatuma hela kabla hujaushika mzigo. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi ya kiatu, unaangalia kama upande wa pili kuna mtu anayekusikia. Matapeli wanaofungua akaunti zinazofanana na za maduka halisi hukopi picha na maneno pia, na sentensi inayojirudia kwa kila mtu ndiyo rahisi kuliko zote kuigwa. Jibu linalogusa kile hasa mteja alichouliza ni gumu kidogo kuigiza.

Mimi nadhani pande zote mbili zinabishania jibu zima, wakati ugomvi wenyewe uko kwenye vipande vyake. Kuna kipande cha jibu kinachopaswa kuandaliwa na kisiguswe kabisa, na kipande kingine ambacho ukikiandaa tu umeharibu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo WhatsApp Business inaviweka karibu na watu wakavichanganya. Kuna majibu ya haraka, ambayo kwenye simu yenye menyu ya Kiingereza yanaitwa Quick replies, ndani ya Business tools. Unahifadhi maandishi, unayapa jina fupi, halafu ukiwa kwenye mazungumzo unaandika mkwaju na jina hilo, kwa mfano `/bei`. Maandishi yanashuka kwenye kisanduku cha kuandikia na kukusubiri. Unaweza kuyaongeza, kuyakata, au kubadilisha mawazo kabla ya kutuma. Nafasi zipo 50, na duka la kawaida halihitaji hata kumi. Kitu cha pili ni ujumbe wa salamu, Greeting message, unaojituma wenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Huu hauna anayeusoma kabla haujaondoka. Lawama nyingi zinazotupiwa "majibu ya kukopi" ni za huu wa pili, lakini zinamwangukia hata yule anayetumia majibu ya haraka vizuri.

Sasa chukua mfano wa duka la viatu vya kike lenye kiatu cha 35,000. Mteja anaandika: "Shikamoo dada, hicho cha kahawia bei gani? Niko Mwanza, mnatuma?"

Duka la kwanza linatuma kilichohifadhiwa kama kilivyo: "Habari mpendwa! Asante kwa kuwasiliana nasi. Bei zetu ni kuanzia 25,000. Tunapatikana Kariakoo. Tunatuma mikoa yote. Karibu sana!" Ukilikagua neno kwa neno halina uongo. Lakini salamu yake haikuitikiwa, kiatu cha kahawia hakikutajwa, na Mwanza imegeuka "mikoa yote". Mteja atalazimika kuuliza tena, na swali linalorudi ndiyo dalili ya wazi kwamba kiolezo hakikujibu. Dalili nyingine ni "sawa" moja fupi, kisha kimya cha moja kwa moja.

Duka la pili nalo lina kiolezo, ila limekikata vipande. Muuzaji anaanza kwa mkono wake: "Marahaba, hujambo? Hicho cha kahawia ni 35,000." Halafu anaita `/mkoani`, na maandishi yanashuka: "Mzigo tunaupakia kwenye basi jioni ukishalipia. Nauli ya mzigo unalipa wewe. Mzigo ukishapakiwa nakutumia picha ya risiti, jina la basi na namba ya gari." Anamalizia kwa mkono: "Unavaa namba ngapi nikuangalizie kama ipo?" Maneno yaliyotoka kidoleni ni machache, lakini ndiyo yaliyobeba salamu, kiatu chenyewe na swali la kuendeleza mazungumzo. Utaratibu wa basi haubadiliki kwa sababu mteja ni huyu au yule, na hakuna atakayeona ubaridi kwa kuambiwa atatumiwa risiti.

Salamu nisingeihifadhi popote. Kwa Kiswahili salamu ni jibu la salamu: aliyeandika "Asalaam aleikum" anangoja "Waaleikum salaam", wa "Shikamoo" anangoja "Marahaba", na kijana wa "Mambo" atashangaa ukimkaribisha kama mgeni wa kitchen party. "Mpendwa" na "kipenzi" zilibuniwa zimfae kila mtu, na hapo ndipo zinapojulikana. Hata jina la mteja halisaidii kama watu wanavyodhani. Kwenye Instagram mtu anaweza kuitwa `mama_wa_wawili_tz`, na ukimwandikia "Habari mama_wa_wawili_tz" umeshajianika.

Kuna mtego mwingine ambao miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiutaji, kwa kuwa huko haupo. Ni ule wa kuacha pengo la kujaza jina la bidhaa. Ukihifadhi "[bidhaa] ipo, karibu," siku moja utatuma "Kiatu ipo" au "Magauni ipo," na mteja atajua hapohapo kwamba umebandika. Ngeli hazikubali pengo. Njia rahisi ni kuandika sentensi ambayo haihitaji kukubaliana na jina la bidhaa: "Tuna namba 37 hadi 40" inafaa, na "Bei ni 35,000" inafaa kwa kiatu, gauni na ushungi. Na pengo lolote unalolazimika kuliacha, kama la namba ya gari, liwekee nyota tatu. Mabano huponyoka macho ukiwa na haraka. Nyota tatu katikati ya sentensi zinakuzuia kidole.

Upande wa wanaotetea violezo unashinda wazi kwenye malipo. Hapa nisingependa kuona ubunifu hata kidogo. Lipa namba, jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri, na agizo la kusitisha kama limetokea jina jingine: maandishi hayo yahifadhiwe mara moja, yahakikiwe tarakimu kwa tarakimu, na yasichapwe tena kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, hela inaweza kuingia kwa mtu mwingine. Tena kufanana kwake ndiko kunakomlinda mteja wa kudumu, kwa sababu siku akipokea maelekezo tofauti atashtuka. Yatumwe kwenye ujumbe wa faragha tu. Kwenye komenti ni kumpa tapeli nafasi ya kujibu chini yake kwa akaunti inayofanana na yako: "Namba imebadilika, tumia hii."

Komenti zina kanuni tofauti na inboksi, kwa kuwa zinasomwa na watu ambao hawakuuliza. Sentensi moja ikirudiwa mara ishirini chini ya picha moja inaonekana kama safu ya mihuri, na Instagram yenyewe inaweza kuzihesabu komenti zinazojirudia kuwa taka na kukuzuia kwa muda kuandika. Wengine wanashauri uwe na matoleo matatu ya jibu hilohilo na kuyazungusha. Naona ni kuhangaika bure. Kama watu ishirini wanauliza bei, bei ilipaswa kuwa kwenye maelezo ya picha, au kwenye komenti ya duka iliyobandikwa juu. Instagram inaruhusu kubandika tatu. Najua wauzaji wanaficha bei kwa sababu jirani wa Kariakoo anachungulia, na kwa sababu komenti nyingi wanaamini zinaipandisha picha. Hoja ya jirani siikatai. Lakini mteja aliyeitwa inboksi kwa ajili ya tarakimu tano anahisi atapangiwa bei kwa sura ya akaunti yake, na hisia hiyo haitibiwi na kiolezo, hata kiwe kitamu kiasi gani.

"Nipunguzie basi" nako nisingeweka kiolezo. "Bei zetu ni fiksi" inafunga mlango, hali mteja mara nyingi anapima tu kama kuna nafasi. Kinachofaa kuandaliwa ni mpaka wako mwenyewe, kwamba kiatu cha 35,000 hakishuki chini ya 32,000 labda kwa anayechukua jozi mbili. Maneno ya kuufikia mpaka huo yatoke kwenye mazungumzo.

Malalamiko ndiyo mahali ambapo wapinzani wa violezo wana haki yote. Mzigo haujafika Mwanza, mteja ameandika mara tatu, na simu inamjibu "Pole kwa usumbufu, tunalishughulikia." Sentensi hiyo haina basi, haina saa, haina mtu. Hata "Nimempigia wakala, basi limekwama njiani, nitakuandikia saa kumi" inatuliza zaidi, ingawa mzigo bado haujafika. Na hapa ujumbe unaojituma wenyewe unaweza kukuaibisha vibaya. Mteja aliyekaa kimya zaidi ya siku 14 akirudi kulalamika kwamba kiatu kimebanduka soli, kitu cha kwanza anachopokea ni "Karibu dukani kwetu!" Kama unautumia, uandike kwa namna isiyomuumiza mwenye shida: saa za kazi, na kwamba atajibiwa na mtu.

Kinachobaki ni uchakavu. Mzigo mpya umekuja kwa bei ya juu, kiatu sasa ni 40,000, lakini `/bei` kwenye simu ya msaidizi bado inasema 35,000. Mteja amepiga picha ya skrini. Muuzaji atasema ni kosa la kijana, mteja atasema duka ndilo lililoandika, na kwa maoni yangu mteja yuko sahihi: auziwe kwa 35,000. Kwa sababu hiyo nisingeweka bei ya kiatu chochote ndani ya majibu ya haraka. Bei ichapwe kwa mkono, kwa kuutazama mzigo uliopo, hata kama ndiyo swali linaloulizwa kuliko yote.