Mwaliko wa harusi kwenye grupu la ukoo: bibi asome nini, mjukuu asome nini

Mialiko mingi ya harusi inayotumwa kwenye magrupu ya ukoo huharibikia kwenye emoji. Wingi wake ni kero ndogo. Kero kubwa ni kwamba picha inasema jambo moja na maandishi yanasema jingine, na kwenye grupu lenye bibi wa Urambo, mjomba wa Kigoma na wajukuu walioko Dar, kila mtu anafuata kile alichokiona kwanza.

Mfano mzuri ni saa. Umeandika "saa 8 mchana", ukatafuta emoji ya saa, ukaweka 🕗 kwa sababu mshale uko kwenye nane. Mzee anayeisoma saa ya ukutani kila siku anajua mshale ukiwa hapo ni saa mbili. Ya saa nane ni 🕑, mshale kwenye mbili. Kama huna uhakika, acha emoji ya saa kabisa, andika "mchana" au "jioni" baada ya namba.

Kalenda nayo ina mtego. Emoji ya 📅 imechorwa ikiwa tayari na tarehe yake: kwenye iPhone ni Julai 17, na kwenye WhatsApp ya Android ni Februari 24. Asiyeona vizuri maandishi madogo ataiamini hiyo iliyochorwa. Mimi naitoa tu.

Huu hapa mwaliko wa harusi ya Isevya, Tabora, kwa majina ya kubuni:

🎉 Harusi ya Zuhura na Hamisi 🎉
Wazee wetu, wajomba, shangazi, kaka na dada, shikamooni, na watoto hamjambo!
🕌 Ndoa: *Jumamosi, 12 Desemba 2026*, saa 8 mchana, msikitini Isevya.
🍛 Walima: siku hiyo hiyo, saa 10 jioni, nyumbani kwa Mzee Juma.
👋 Mnaotoka Kigoma na Mwanza, mwambieni Mama Rehema mnafika lini, mpokelewe stesheni.
Karibuni sana, tucheze mpaka miguu iombe radhi! 💃

Ukihesabu, emoji ni za aina tano tu. Msikiti, sahani na mkono zimekaa mwanzoni mwa mistari, ndizo zinazomwonyesha asiyesoma haraka wapi ni ndoa, wapi ni chakula, wapi ni habari ya wasafiri. Katikati ya sentensi hakuna hata moja, kwa sababu atakayemsomea bibi kwa sauti asikwame njiani. Hapo furaha imekaa mahali pake: shamrashamra juu na chini, habari katikati. Zile nyota mbili za tarehe zishikane na maneno bila nafasi, la sivyo herufi hazikozi na nyota zinabaki zikiwatazama watu.

Sasa zile za kuacha. 😭 kijana huitumia kwa furaha iliyomzidi, lakini shangazi akiiona juu ya jina la Zuhura atapiga simu kuuliza kuna nini. 🕯️ na 🕊️ zimezoeleka kwenye taarifa za misiba. 🥂 haifai harusi inayofungwa msikitini, na 💋 haikai mahali penye wakwe. Moyo wa mikono, 🫶, umekuja kwenye orodha ya emoji mwaka 2021, hivyo simu isiyosasishwa inaweza kuonyesha kiboksi kitupu. 🎉 na 💃 ni za zamani zaidi, kila mwenye WhatsApp anaziona.

Na mchango? Peleka kwenye grupu la kamati. Ukiweka namba ya kutumia pesa chini ya mwaliko, wazee wanausoma wote kama deni.

Baada ya kutuma, bandika ujumbe juu ya grupu na uchague siku 30, maana "Mashallah" na "Hongereni" hamsini zitaufukia kabla ya magharibi.

Wenye vitochi wanahitaji meseji ya kawaida, na huko emoji zinakula nafasi. Hii ina herufi 143, inaingia kwenye meseji moja ya herufi 160:

Harusi ya Zuhura na Hamisi: Jumamosi 12 Desemba 2026, saa 8 mchana, msikitini Isevya, Tabora. Walima saa 10 jioni kwa Mzee Juma. Karibuni sana!

Ongeza 🎉 moja tu mwishoni, na simu inabadilisha namna ya kuandika herufi zote: meseji moja sasa inabeba 70, na zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67. Mwaliko ule ule unakuwa meseji tatu, unakatwa salio la tatu, na kitochi cha bibi huenda kikamwonyesha kiboksi.