Kiti cha "Mjerumani" na picha zake tatu

"Nimenunua kiti cha mbao soko la Sabasaba hapa Dodoma. Kinacheza kidogo. Nimepiga picha miguu, mgongo na chini yake. Muuzaji anasema ni cha Mjerumani. Fundi anasema kwa picha huwezi kujua lolote mpaka akishike mkononi. Nimsikilize nani?"

Tuanze na muuzaji, maana hoja yake haina uzito mkubwa. Huku kwetu kiti chochote kizito, cheusi kwa uzee na chenye mgongo ulionyooka, hupewa Mjerumani. Picha mbili za kwanza zinaonyesha miguu ya mraba isiyokerezwa. Miguu ya nyuma imepita kando ya kikalio na kupanda hadi juu ikawa nguzo za egemeo, na katikati yake pana vibao vitano vya wima. Mguu wa nyuma unaopanda hivyo unatuambia kuwa hiki ni kiti cha fremu, yaani miguu imeungwa kwa mbao zinazozunguka chini ya kikalio. Kingekuwa jamii ya Windsor, viti vya Kiingereza vya vijiti, miguu ingeishia chini ya kikalio, na vijiti vya mgongo vingeanzia juu yake, kila kimoja kwenye tundu lake. Vibao vya wima na miguu ya mraba ni sura ya mtindo wa Mishen, uliovuma Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuigwa kwingi baadaye.

Jina hilo ni sahihi, ila halituambii mengi. Linataja sura iliyoigwa, halimtaji aliyeiga wala mwaka. Fundi wa Kizota mwenye randa na mninga mkavu anaweza kukitoa kiti cha sura hiyo wiki hii.

Kinachomuumbua muuzaji kiko kwenye picha ya tatu. Chini ya kikalio, kila kona ina kibao cha pembetatu kilichokazwa kwa skrubu mbili, na vichwa vya skrubu hizo vina alama ya msalaba. Skrubu za namna hiyo zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930, na Mjerumani aliondoka Dodoma mwaka 1916. Mtu makini atauliza kama hazikubadilishwa wakati wa ukarabati. Ni swali la haki, na picha inalijibu kwa kiasi: kibao kilichofunguliwa na kukazwa upya mara nyingi huacha tundu la zamani pembeni, au kivuli cha mbao isiyopigwa vumbi pale kilipokaa mwanzo. Hapa hakuna tundu wala kivuli. Skrubu zinaonekana kuwa za siku kiti kilipoundwa.

Fundi yeye ana hoja nzito zaidi, na tumpe haki yake. Picha haipimi urefu wa ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba na kuzama kwenye tundu ndani ya mguu, haisemi kama gundi bado imeshika, wala haioni ufa uliojificha. Hata umbo la mguu picha hulidanganya: simu ikisogezwa karibu sana, mguu ulionyooka huonekana umechongoka chini, na mtu akataja mtindo ambao haupo. Dawa ni kusimama mita mbili nyuma, simu ikiwa usawa wa kikalio, kisha kuvuta picha.

Ila anaposema "huwezi kujua lolote" amevuka mpaka. Jina la kiungo, yaani kama mbao ya fremu imeingia mguuni kwa ulimi na tundu, kwa vijiti vya mviringo au kwa skrubu tu, mara nyingi limeandikwa nje ya mti, na jicho linalojua pa kutazama hulisoma. Pa kutazama ni palipo na viduara vidogo. Mbao ya ubavuni inatoka mbele na kuingia mguu wa nyuma. Ikiwa imeingia kwa ulimi uliofungwa kwa kijiti, kijiti hicho hupita ulimi kwa kuukata, hivyo kichwa chake hutokea ubavuni mwa mguu, kama sentimita moja kutoka pale mbao inapogusa. Ikiwa kuna kitu kilichosukumwa kutoka nje kwenda moja kwa moja ndani ya mbao, alama yake hutokea nyuma ya mguu, kwenye mstari uleule wa mbao.

Hali ya hewa ya Dodoma husaidia kusoma. Miezi ya kiangazi mti hukauka na kusinyaa kwa upana, lakini kijiti hakipungui urefu, kwa hiyo kijiti cha kweli huja kuchomoza kidogo juu ya uso wa mguu. Mwanga wa tochi ukilazwa ubavuni, kile kivimbe hutoa kivuli. Tope la vumbi la randa na gundi lililozibia skrubu hufanya kinyume: huzama au hupasuka ukingoni.

Kwenye kiti hiki ubavu ni safi. Nyuma ya kila mguu kuna viduara viwili, vimezama, kwenye mstari wa mbao. Basi si ulimi uliofungwa kwa kijiti. Kwa kuwa vimezama, yaelekea ni skrubu iliyozibwa, ingawa huenda ni kijiti cha mviringo kilichopigwa kutoka nje, na huenda ndani kuna ulimi mfupi usioonekana.

Hapo picha ya nne inahitajika, na ni rahisi. Kwa kuwa kiti kinacheza, kiungo kimeachia mwanya. Ingiza kipande cha karatasi ngumu kwenye mwanya huo, kikiwa kimesimama kati ya mbao na mguu, kisha piga picha. Kama mbao ina unene wa milimita 22, ulimi wa kawaida ni kama theluthi ya unene huo, kwa hiyo karatasi itaingia takriban milimita 7 na kugota kina kilekile sehemu kubwa ya kimo cha mbao. Ikigota mahali pawili tu, na katikati yake ikapenya hadi upande wa pili, hakuna ulimi. Ni vijiti au skrubu. Mwanya usipopitisha karatasi, hapo fundi ameshinda, akishike.

Kwa nini kuhangaika na jina hili? Kwa sababu ya matengenezo. Fundi akiambiwa "ni ulimi", hutoboa ubavuni na kupiga kijiti kuubana, na kwenye kiungo cha vijiti viwili kinaweza kupita katikati bila kushika chochote. Mbaya zaidi ni msumari wa nchi tatu, ambao ndio dawa ya haraka vijiweni. Mguu mkavu hupasuka kufuata nyuzi zake, na hata usipopasuka, kiangazi kijacho mti utasinyaa tena, msumari utalegea ndani ya tundu lake, na sasa kiungo hakifunguki bila kuharibu mbao. Ulimi uliosinyaa hutengenezwa kwa kubandika ganda jembamba la mti kwenye mashavu yake hadi ujae tundu. Vijiti hukatwa, tundu hutobolewa kwa keekee na kuwekwa vipya. Kwa vyovyote, gundi ya zamani lazima ikwanguliwe hadi mti uonekane, kwa kuwa gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka.

Kwa hiyo, ndugu, bei ya Ujerumani usiilipe. Kwa fundi nenda na kiti, pamoja na picha ya karatasi, na umwombe aanze kwa kufungua vibao vya kona, kisha achokonoe kiduara kimoja tu cha nyuma kwa ncha ya patasi. Kikitokea chuma, atumie bisibisi. Kikitokea mti, asipige nyundo kabla hajafungua kiungo kizima.