"Imejikagua mara tatu" haitoshi

Wiki iliyopita mdogo wangu, anayechapa mabango pale Mwanga, Kigoma, aliniletea maandishi ya bango la wageni kuhusu MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Nikaomba kuyasoma kwanza. "Dada, usijisumbue," akaniambia, "nimeshaiagiza ijikague mara tatu." Alikuwa ametumia akili mnemba. Kila rasimu ilipotoka, aliirudishia modeli ileile na kuiagiza itafute makosa, kisha iandike upya.

Niliposoma nikakasirika kweli. Bango lilisema meli ilishushwa majini Kigoma mwaka 1913, na kwamba mwaka 1916 Wabelgiji waliizamisha kwa mabomu. Mtoto wa Kigoma anatundika hilo bandarini?

Nikamwomba anionyeshe rasimu zote nne. Ya kwanza ilikuwa imeandika 1915, na huo ndio mwaka sahihi. Ukaguzi wa kwanza ulisifu mtiririko na kufupisha sentensi mbili. Wa pili ndio uliobadilisha 1915 kuwa 1913, kwa maelezo kwamba umesahihisha tarehe. Mwaka 1913 meli ilikuwa ingali Papenburg, Ujerumani, ilikoundwa, na reli ya kuleta vipande vyake ilifika Kigoma mwaka 1914. Kosa la Wabelgiji lilikuwamo tangu rasimu ya kwanza na likapita kaguzi zote tatu bila kuguswa. Ndege zao zilijaribu kuipiga, lakini Wajerumani ndio walioizamisha wenyewe, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi. Ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukiwapa Wabelgiji kazi hiyo umeifuta grisi, na bila grisi hadithi nzima ya meli hii haieleweki.

Modeli inapoambiwa ijikague haiendi kufungua kitabu. Inasoma rasimu yake kwa ujuzi uleule ulioiandika, kwa hiyo inachokiamini kimakosa inakiona kiko sawa. Halafu agizo lenyewe, "tafuta makosa", linaisukuma ibadilishe kitu hata pasipo na kosa. Ndivyo 1915 ilivyopotea. Mwaka 2023 watafiti wa Google DeepMind na Chuo Kikuu cha Illinois walipima jambo hili kwa hesabu za shule ya msingi. Modeli ya GPT-4 ilipata asilimia 95.5 kwa jibu la kwanza. Ilipoagizwa ijikague bila kuambiwa kama jibu ni sahihi ikashuka hadi 91.5, na duru ya pili ikashuka hadi 89.

Kwenye lugha nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba inasaidia. Neno lililorudiwa, aya ndefu, jambo uliloagiza liwemo halafu likasahaulika: hayo inayaona, kwa sababu kila kinachohitajika kuyaona kiko palepale kwenye maandishi.

Kwa tarehe na matukio tulifanya hivi. Tulifungua mazungumzo mapya, tusiibandike rasimu kabisa, maana ikiiona inavutwa kukubaliana nayo. Tukaivunja rasimu kuwa maswali mafupi, kila moja kivyake: ilishushwa majini mwaka gani, nani aliizamisha, iliibuliwa lini. Kila swali tukaliuliza mara tatu, kila mara katika mazungumzo mapya. Mwaka wa kushushwa majini ulirudi 1915 mara zote tatu. Swali la nani aliizamisha lilirudi na Wabelgiji mara mbili, Wajerumani mara moja. Mdogo wangu akataka tuhesabu kura. Hapana! Majibu yakipishana, maana yake ni kwamba hapo modeli inabahatisha, na hapo ndipo pa kwenda kutafuta chanzo. Wala yakilingana si uthibitisho, kwa sababu modeli inaweza kukosea vilevile mara zote tatu. Ile 1915 tuliiamini kwa sababu ililingana na mwaka wa reli.

Mwishowe nikachapa kurasa mbili za kitabu cha historia cha marehemu baba yetu, tukazibandika pamoja na rasimu, na kuiagiza ilinganishe sentensi kwa sentensi: ipi inaungwa mkono na kurasa hizi, ipi inapingwa, ipi haikutajwa, na kila hukumu inukuu mstari wake. Safari hii modeli ileile iliyopitisha Wabelgiji mara tatu ilikamata kosa hilo mara moja. Nukuu tulizihakiki kwa macho yetu kitabuni, maana nukuu nayo inaweza kubuniwa. Ilituchukua kama dakika arobaini.

Mdogo wangu amelichapa upya, na grisi imo. Lile la kwanza bado liko dukani kwake, limegeuzwa uso ukutani.