Kabla ya kusifu ua, geuza zulia

Ami yangu anayeishi Maskati alinipigia simu usiku, na hata salamu hatukuzimaliza. "Mwanangu, nimepata Bukhara. La miaka mia!" Kesho yake nilipofika nikakuta kalitandika sebuleni na watoto wamekatazwa kulikanyaga. Lilikuwa zulia jekundu lenye safu za maumbo ya pembe nane yaliyobinywa kidogo. Kila umbo limegawanywa robo nne kwa mistari ya buluu iliyokoza, na mistari hiyo inaendelea hadi kwenye umbo la jirani. Muuzaji alikuwa amemwambia kuwa umbo lile ndilo cheti chake: ukiliona tu, ujue kazi ni ya Waturkmeni.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Umbo lile linaitwa gul, na hilo hasa ni la kabila la Teke. Magul matano ya makabila ya Waturkmeni yamechorwa hadi kwenye bendera ya Turkmenistan, katika ule ukanda mwekundu ulio upande wa mlingoti. Hata jina la Bukhara ni la sokoni zaidi. Wateke walifuma kwao, Merv na Akhal, ila mazulia yao yaliuzwa katika mji wa Bukhara, na wanunuzi wa mbali wakayaita kwa jina la mji walikoyanunua.

Tatizo ni kwamba ua, yaani umbo kama hilo la gul, likishachorwa kwenye karatasi huweza kusafiri popote. Sisi tunaovaa kanga tusishangae: maneno ni ya Kiswahili, korosho iko pale pembeni, na kitambaa kimetoka kiwandani India. Gul la Teke nalo lilihamia Pakistan zamani, na Lahore hufumwa mazulia mengi sana ya "Bukhara", mengine ya kijivu, ya kijani, hata ya waridi. Ndiyo maana siamini mtu anayetaja asili ya zulia kwa kutazama uso wake. Mimi huanza na mgongo.

"Ami, naomba tuligeuze."

Hakupenda, lakini alinishikia pembe. Kitu cha kwanza kutazama ni mtande, yaani zile nyuzi zinazovutwa kwenye kitanda cha mfumi kabla fundo la kwanza halijafungwa. Njia rahisi ni kutazama matamvua, kwa kuwa matamvua ya kweli si pambo lililoshonwa, ni ncha za mtande wenyewe. Ya ami yalikuwa meupe, laini, yamesokotwa sawasawa. Nilichomoa uzi mmoja uliokuwa umeshakatika, nikauwasha kwa kiberiti nje barazani. Uliwaka haraka, ukanuka kama karatasi, ukaacha jivu jepesi. Hiyo ni pamba. Sufu ingejikunja, ingenuka kama nywele zilizoungua na kuacha punje nyeusi inayovunjika kwa vidole.

Hapo moyo wangu ulishajua. Waturkmeni wa zamani walikuwa wafugaji wa kondoo na mtande wao ulikuwa wa sufu, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Pamba ni ya mjini na ya karakana, kule ambako uzi hununuliwa. Lakini nikitaka kuwa mwadilifu, pamba peke yake haitoshi kutamka Lahore. Kule Iran, Kashan hutumia pamba, Tabriz hutumia pamba, na vijiji vya Hamadan hali kadhalika. Inatosha tu kulitilia shaka zulia linalodai kuwa la mahemani.

Baada ya mtande huja fundo, na hapa ndipo ninapopapenda. Kunja zulia kwa upana, manyoya yakae nje, halafu yafungue kwa kidole gumba mpaka uone shina. Fundo la Kituruki huzunguka nyuzi mbili za mtande, na ncha zake zote mbili hutokea katikati yao, kwa hiyo chini utaona kama kola ndogo imelala juu ya nyuzi mbili. Fundo la Kiajemi huzunguka uzi mmoja na kupita nyuma ya wa pili, ndiyo maana ncha moja hutokea katikati na nyingine pembeni. Majina haya yasikupoteze. Tabriz iko Iran, na wafumaji wake hutumia fundo la Kituruki, wakilifunga upesi kwa kisu chenye ndoana. Kuna na kichekesho: fundo la Kiajemi pia huitwa la Senneh, ilhali wafumaji wa Senneh yenyewe, mji wa Wakurdi ambao leo ni Sanandaj, hufunga lile la Kituruki!

Pamoja na vurugu hiyo ya majina, fundo hunena ukweli kuliko ua. Ua hunakiliwa kwa macho. Fundo liko vidoleni, binti alijifunza kwa mama yake ameketi ubavuni kwake, na haliachiki kwa sababu tu mteja wa mbali ametaka mchoro mwingine. Hata miongoni mwa Waturkmeni linasaidia: Wateke kwa kawaida hufunga la Kiajemi na Wasaryk la Kituruki, ingawa kwa mbali mazulia yao yote ni mekundu na yote yana magul.

La ami lilikuwa na fundo la Kiajemi. Alifurahi, "Si unaona!" Ikabidi nimweleze kwamba Lahore nako hufunga la Kiajemi, kwa hiyo safari hii fundo halikutuamulia kitu. Kisha akaniletea rula, maana muuzaji alimsifia wingi wa mafundo. Nilihesabu manne kwa upana na saba kwa urefu katika sentimita, yaani 28 kwa sentimita ya mraba. Kazi nzuri, ila hesabu hiyo inakueleza mfumaji alitumia muda kiasi gani, haikuelezi alikaa nchi gani.

Rangi niliiacha mwisho, kwa kuwa husema zaidi juu ya wakati kuliko mahali. Wekundu wa kale wa Waturkmeni ulitoka hasa kwenye mzizi ambao Waajemi huuita runasi, sufu ikitanguliwa kuchemshwa na shabu ili rangi ishike. Buluu ilitoka kwenye nili. Rangi ya kwanza ya maabara iliyouzwa ilipatikana 1856, na baadhi ya zile za mwanzo zilififia vibaya: fungua manyoya, utakuta ncha ni za kijivu na shina ni zambarau kali. Nili ya kiwandani, iliyoingia sokoni 1897, ina kemia ileile ya nili ya mmea, hivyo jicho haliwezi kuzitenganisha. Kahawia iliyokoza husaidia zaidi. Ya zamani ilitiwa kwa chuma, na chuma hula sufu, kwa hiyo katika zulia kuukuu kweli sehemu hizo huwa zimebonyea kuliko jirani zake. Wajanja huzinyoa kwa mkasi, lakini sufu iliyoliwa hupungua kwa kuchakaa na iliyonyolewa huwa sawa kama zulia la msikitini.

La ami halikubonyea popote. Wekundu ulikuwa mmoja kutoka ncha hadi shina. Mtande wa pamba, rangi sawia, sufu laini inayong'aa kama imeoshwa kwa dawa: nikamwambia ni la Lahore, na umri wake pengine haumfikii kitinda mimba wake.

Alinyamaza kidogo, akauliza kama alirudishe. Nikamwambia kwa bei ya zulia la Lahore ni zuri, kwa bei aliyolipa halifai. Akaenda kutafuta risiti, akaikuta. Imeandikwa "zulia jekundu, moja".