"Hatimaye Mwenzetu Amerejea"

Jumatatu asubuhi, kabla mama mmoja wa idara yetu ya hesabu hajamaliza hata kufuta vumbi mezani pake, meneja alitutumia wafanyakazi wote barua pepe ya kumkaribisha. Ilianza hivi: "Hatimaye mwenzetu amerejea baada ya siku 94 za kutokuwepo kazini kutokana na upasuaji wa uvimbe. Tunamshukuru Mungu kwa kuwa amepona kabisa, na tunamtarajia achape kazi kwa nguvu mpya."

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Alikwenda hospitali kumwona mara mbili, tena na matunda. Lakini nia njema haizuii mwanzo wa barua kuumiza.

Neno "hatimaye" huambiwa mtu aliyechelewa kwenye kikao. Hesabu ya siku nayo ilikuwa ya nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ndani ya haki yake, na zile siku 31 za mwisho alizilipia kwa nusu ya kipato chake huku nauli za kwenda kliniki zikiongezeka. Hakuhitaji mtu wa kumhesabia.

Kuhusu uvimbe, sina mengi ya kusema. Cheti cha daktari alikipeleka kwa ofisa utumishi kwa sababu alitakiwa kukipeleka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Sisi wengine tuliobaki, pamoja na walinzi wa getini, hatukuwa na haja nazo.

Kilichonikera zaidi ni yale maneno mawili, "amepona kabisa", ambayo wengi waliyaona kuwa ndiyo sehemu nzuri ya barua. Nani alisema amepona kabisa? Daktari alimruhusu arudi kazini, na hiyo si sawa na kupona kabisa: bado anahudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili, bado haruhusiwi kunyanyua maboksi ya risiti, na ikifika saa saba mchana unamwona ameshika ukingo wa meza kabla ya kusimama. Sasa meneja ameshatangaza kwa niaba ya daktari, na siku mama atakapoomba ruhusa ya kwenda kliniki, atatokea mtu wa kuuliza, "Si tuliambiwa amepona?" Sentensi iliyoandikwa kwa furaha itakuwa imemgeuza mgonjwa anayejikongoja kuwa mvivu anayejisingizia. Atalazimika ama kujieleza upya kila mara, ama kunyamaza na kujiumiza, na kwa jinsi ninavyomfahamu, atanyamaza.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kimeshatupa mwanzo unaofaa. "Ugua pole" tunamwambia aliye kitandani, na ukimwambia aliyesharudi kazini ni kama unamrudisha wodini. Aliyerudi anaambiwa, "Mama, pole kwa kuugua, na karibu tena. Tumefurahi kukuona." Pole hiyo haisemi aliugua nini, wala haimtangazii afya ambayo bado anaitafuta, na kila mtu ofisini anaweza kuisoma bila yeye kuinamisha kichwa.

Mengine yote ni ya barua ya pili, ya kwake peke yake: kwamba kwa wiki mbili za kwanza atatoka saa nane mchana, kwamba malipo ya wazabuni yatabaki kwa aliyekuwa akimshikia hadi watakapokabidhiana, na kwamba siku za kliniki atamwarifu meneja tu. Hata kabla ya barua hizo, ingetosha kumpigia simu Ijumaa na kumuuliza, "Mama, ungependa wenzako waambiwe nini?" Simu ya dakika tatu. Meneja wetu, ambaye hutupigia hadi Jumapili kuulizia ripoti, hakuipata nafasi hiyo.

Mama alijibu barua ile kwa adabu zake zote: "Ahsante, bosi. Namshukuru Mungu." Jioni, tukisubiri gari la ofisi, alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dereva amenipa pole ya uvimbe. Yeye naye alitumiwa?"